Kwa nini video ya HDR inapauka kwenye televisheni ya ukumbi

*"Fundi, jambo. Napiga video za ndoa huku Bukavu. Mimi nashika kwa iPhone 13, kijana wangu anashika kwa simu ingine ya Android, ile inaandika HDR10+. Kwa simu zetu picha ni safi, rangi kali. Nikiunganisha kwa laptopi na kutoa filamu, kwa televisheni ya ukumbi na kwa simu za wateja inapauka, nyeusi inakuwa kijivu. Sehemu za iPhone zimepauka kidogo, za kijana zimepauka kabisa. Mteja amekataa kumaliza malipo. Kosa ni la simu, la laptopi ao la televisheni?"*

Ndugu yangu, hakuna kifaa kilichoharibika hapo. Filamu yako imetoka kwenye laptopi ikiwa na namba za HDR, yaani video ya mwanga mkali na rangi pana kuliko ya kawaida, lakini haina lebo ya kusema kwamba ni za HDR, na kila skrini iliyoipokea imezisoma kama namba za video ya kawaida. Uthibitisho umenipa mwenyewe: sehemu zako zimepauka kidogo, za kijana zimepauka kabisa. Ingekuwa televisheni mbovu au waya wa HDMI, zote zingepauka sawasawa. Simu zenu zinaandika HDR kwa kanuni mbili tofauti, na moja kati ya hizo ilitengenezwa makusudi isiharibike sana inaposomwa na mtu asiyeijua.

Kwanza uelewe kilichomo ndani ya faili. Video haibebi mwanga, inabeba namba. Kila nukta ya picha ina namba zake za nyekundu, kijani na bluu, na ni kazi ya skrini kuamua namba fulani itoe mwanga kiasi gani. Kwa hiyo faili na skrini lazima zikubaliane kuhusu kanuni ya kusoma. Mwanga wenyewe tunaupima kwa niti, yaani kandela moja kwa kila mita mraba. Televisheni ya kawaida ya dukani hutoa niti 250 hadi 350 inapowaka kwa nguvu zote. Simu nzuri inaweza kupita 1,000 kwa sehemu ndogo ya kioo.

Video ya kawaida, tunayoiita SDR, inafuata kanuni iliyorithiwa kutoka televisheni za kioo kizito za zamani. Rangi zake ziliwekwa kwenye kiwango kinachoitwa BT.709, cha mwaka 1990, na watengenezaji wa filamu huipima kwenye skrini yenye niti 100 hivi. Namba zake hazitaji niti zozote. Asilimia 100 inamaanisha tu "waka kadiri unavyoweza", iwe televisheni ni ya niti 100 au 300. Namba za kati zinashushwa kwa mkunjo: asilimia 50 ya namba haitoi nusu ya mwanga, inatoa kama asilimia 19. Ndiyo maana weusi wa SDR unakuwa mweusi kweli.

HDR imekuja na kanuni mpya, na hapa ndipo simu zenu zinaachana. Ya kwanza inaitwa PQ. Ilisajiliwa mwaka 2014 kwa jina SMPTE ST 2084, na ndiyo iliyo ndani ya HDR10 na HDR10+, kwa hiyo ndiyo simu ya kijana wako inaandika. Katika PQ kila namba ni ahadi ya niti kamili, kuanzia sifuri hadi 10,000. Kwa sababu jicho la mtu linaona tofauti ndogo kwenye giza kuliko kwenye mwanga mkali, PQ imetenga nusu nzima ya namba zake kwa mwanga wa chini ya niti 100, na nusu nyingine inatosha kwa yote yanayobaki hadi 10,000. Niti 100, ambazo kwa SDR ndiyo kilele, kwa PQ zinakaa kwenye asilimia 51 tu.

Ya pili ni HLG, iliyotengenezwa na BBC ya Uingereza pamoja na NHK ya Japani. Hao ni watangazaji, na shida yao ilikuwa moja: kurusha matangazo mamoja yapokelewe na televisheni mpya na za zamani kwa wakati mmoja. Kwa hiyo nusu ya chini ya namba za HLG inafanana na mkunjo wa zamani, na nusu ya juu tu ndiyo imekunjwa kwa namna mpya ili kubeba mwanga mkali. iPhone, kuanzia 12 iliyotoka 2020, inarekodi kile inachokiita Dolby Vision, lakini chini ya jina hilo picha yenyewe imeandikwa kwa HLG. Kanuni zote mbili ziliingizwa pamoja kwenye kiwango cha kimataifa BT.2100 mwaka 2016.

Sasa fikiria karatasi ya bei iliyoandikwa "50" tu, bila kusema ni dola au faranga. Muuzaji aliandika kwa dola, mnunuzi anasoma kwa faranga. Namba haijabadilika hata kidogo, lakini mmoja wao atashangaa. Lebo ya rangi ndani ya faili la video ndiyo lile neno linalokosekana, na ikikosekana, karibu kila skrini na kila programu itachukulia kwamba ni SDR.

Tuifanye hesabu kwa picha moja ya kijana wako, maana bila hesabu mtu anabaki kusema "HDR ni mbaya" tu. Chukua maharusi wamesimama kando ya ziwa Kivu mchana. Suti nyeusi ya bwana harusi kwenye kivuli iwe niti 1. Gauni jeupe la bibi harusi liwe niti 200. Mng'ao wa jua juu ya maji uwe niti 1,000. Kwa PQ, simu itaandika suti kwenye asilimia 15, gauni kwenye 58, na mng'ao kwenye 75.

Peleka namba hizo kwenye televisheni ya ukumbi yenye uwezo wa niti 300, isome kwa mkunjo wa SDR. Suti itatoka na niti 3 na kidogo. Gauni litatoka na niti 81. Mng'ao wa maji utatoka na niti 151. Tazama kilichotokea. Suti imepanda mara tatu, ndiyo kijivu unachokiona. Gauni, ambalo kwenye SDR iliyotengenezwa vizuri lingekuwa karibu na kilele, tuseme niti 230 kwenye televisheni hiyo hiyo, limeshuka hadi theluthi yake. Mwanzoni gauni lilikuwa likiipita suti mwanga mara 200. Sasa linaipita mara 26 hivi. Mng'ao uliokuwa mara tano ya gauni haufiki hata mara mbili. Hakuna kitu kilichofutika, vyote vimo, ila vimesogezwa karibu karibu katikati. Ndiyo maana mtu anasema "imepauka" na si "imekuwa giza" wala "imeungua".

Rangi nazo zinapata pigo lao, na hili ni tofauti na la mwanga. HDR hutumia eneo la rangi pana zaidi, BT.2020, ambalo nyekundu yake ni kali kuliko nyekundu yoyote ambayo televisheni ya kawaida inaweza kutoa. Kwa hiyo nyekundu kali kabisa ya SDR, ikiandikwa kwa lugha ya BT.2020, inakuwa si nyekundu peke yake tena: kwa kila sehemu 100 za nyekundu inaongezewa kijani kama sehemu 11, ili kuilegeza. Skrini inayojua kanuni itaiondoa hiyo kijani. Skrini isiyojua itaionyesha kama ilivyo, na zaidi ya hapo mkunjo wa PQ uliosomwa vibaya unainua namba ndogo kuliko kubwa, hivyo sehemu 11 zinafika 28. Kitenge chekundu cha mashangazi kinakuwa rangi ya tofali. Ngozi za watu nazo zinapoteza joto lake, zinakuwa kama za mtu aliyeamka na malaria, na hapo ndipo mteja anapokasirika kweli, kwa sababu kila mmoja anaujua uso wa mama yake.

Kwenye sehemu zako za iPhone mwanga umeumia kidogo. HLG inaweka gauni jeupe kwenye asilimia 75, na ikisomwa kwa mkunjo wa SDR kwenye televisheni ile ile, gauni linatoka na niti 150. Ni chini ya 230, lakini si 81. Sehemu za giza zinabaki karibu na mahali pake. Rangi, hata hivyo, zinalegea, kwa sababu nayo inatumia BT.2020. Ndiyo "imepauka kidogo" yako.

Lebo imepotelea wapi? Karibu kwa hakika ni kwenye programu ya kuhariri. Mradi mpya kwenye programu nyingi unaanza ukiwa SDR, na programu isiyojua HDR, au ambayo haijaambiwa ishughulikie rangi, inachukua namba za simu kama zilivyo, inazibandika kwenye mradi wa SDR, na wakati wa kutoa filamu inaandika lebo ya BT.709 au haiandiki chochote. Kuanzia hapo hata simu yako ya iPhone itaionyesha ikiwa imepauka. Jaribu: rudisha filamu iliyotoka kwenye laptopi ndani ya iPhone uitazame. Ikipauka na huko, wakati faili la awali linang'aa kwenye kioo hicho hicho, basi televisheni ya watu haina hatia.

Njia ya uhakika ni kusoma lebo yenyewe. Ukiwa na FFmpeg, programu ya kusoma na kugeuza video, kwenye laptopi, fungua dirisha la amri uandike:

```
ffprobe -v error -select_streams v:0 -show_entries stream=pix_fmt,color_space,color_transfer,color_primaries -of default=nw=1 iphone.mov
```

Kwa faili la awali la iPhone utapata kitu kama hiki:

```
pix_fmt=yuv420p10le
color_space=bt2020nc
color_transfer=arib-std-b67
color_primaries=bt2020
```

Mstari unaoamua ni `color_transfer`. `arib-std-b67` ni HLG. Faili la kijana litaandika `smpte2084`, yaani PQ. Ukipitisha filamu iliyomalizika na ukaona `bt709` au `unknown`, umempata mwizi. Ile `10le` kwenye mstari wa kwanza inamaanisha biti 10, yaani ngazi 1,024 kwa kila rangi. Filamu iliyotoka itakuwa na biti 8, ngazi 256. Kumbuka jambo hili, litarudi chini.

Dawa ni kugeuza namba, si kubandika lebo wala kuongeza kontrasti. Wengi wanakimbilia vitufe vya kontrasti na ukolezi wa rangi, na kwenye picha moja inaonekana kufaulu, kisha kwenye picha inayofuata sura za watu zinakuwa za machungwa. Mkunjo wa PQ haunyooshwi kwa kitufe kinachovuta picha yote kwa mkono mmoja. Unahitaji programu irudishe kila namba kwenye mwanga halisi kwa kanuni yake, ihamishe rangi kutoka BT.2020 kwenda BT.709, ikunje mwanga uliozidi uwezo wa SDR, halafu ndipo iandike upya kwa mkunjo wa SDR.

Ukihariri kwa programu ya DaVinci Resolve, weka kifaa kinachoitwa Color Space Transform kwenye kila kipande. Kwa vipande vya iPhone, Input Color Space iwe Rec.2020 na Input Gamma iwe Rec.2100 HLG. Kwa vya kijana, badilisha Input Gamma tu iwe ST2084. Kwa vyote viwili Output Color Space ni Rec.709 na Output Gamma ni Gamma 2.4. Ukiweka mpangilio wa HLG juu ya kipande cha PQ, hutapata onyo lolote. Utapata picha mbaya kwa namna nyingine. Kwa hiyo usichanganye vipande vya simu mbili kwenye folda moja kabla hujavigeuza.

Kama laptopi ni dhaifu, mimi ningependelea ugeuze kwanza kila faili kuwa SDR, kisha uhariri SDR tupu kwenye programu yoyote unayoipenda. Amri ni hii, na inahitaji FFmpeg iliyojengwa na maktaba ya zimg:

```
ffmpeg -i iphone.mov -vf "zscale=t=linear:npl=100,format=gbrpf32le,zscale=p=bt709,tonemap=hable:desat=0,zscale=t=bt709:m=bt709:r=tv,format=yuv420p" -c:v libx264 -crf 18 -c:a copy iphone_sdr.mp4
```

Inafanya kazi kwa HLG na PQ bila kubadilishwa, kwa sababu inasoma lebo iliyomo ndani ya faili la awali. Itachukua muda, hasa kwa 4K, basi iache usiku umeme ukiwepo. Neno `hable` ndilo linaloamua mwanga uliozidi ukunjwe vipi. Hilo hulinda maelezo ya mawingu na gauni lakini huifanya picha nzima iwe giza kidogo. Ikiwa sura zinatoka giza, weka `mobius` mahali pake. Yenyewe inaacha mwanga wa kawaida karibu kama ulivyo na kukunja kilele tu. Kwa harusi za ndani ya ukumbi ningeanza na `mobius`, kwa picha za ziwani saa sita mchana `hable`. Usiamue kwa kutazama anga. Tazama uso wa mtu na kitambaa cheupe kwenye fremu moja. Uso ukikaa sawa, mengine yatavumilika. Ila usitegemee muujiza: ule mng'ao wa maji wa niti 1,000 hautakuwepo tena kwa nguvu yake. Utabaki mweupe juu ya maji, karibu sawa na gauni. SDR haina nafasi ya zaidi.

Kuna mambo mawili yanayofanana na haya lakini siyo, na fundi wa ukumbi atakutajia moja kati yake. La kwanza ni HDMI. Video za kawaida huandika weusi kwenye namba 16 na weupe kwenye 235, badala ya 0 na 255. Laptopi ikituma 16 hadi 235 na televisheni au projekta ikasubiri 0 hadi 255, weusi unakuwa kijivu. Utaitambua kwa sababu kila kitu kinapauka, hata filamu ya zamani ya SDR na hata mandhari ya laptopi yenyewe. La pili ni televisheni ya bei nafuu yenye maandishi ya HDR kwenye boksi. Hiyo inaisoma lebo vizuri, lakini kioo chake hakiwezi kutoa zaidi ya niti 250 au 300, kwa hiyo inalazimika kukunja kila kitu kwa haraka haraka. Picha yake mara nyingi inatoka giza, si kijivu. Ukimpa mteja flashi yenye HDR sahihi kabisa, na televisheni yake ikawa ya aina hiyo, bado atalalamika, ila malalamiko yatakuwa mengine.

Kwa sababu hiyo, ushauri wangu kwa kazi za harusi huku kwetu ni kutoa SDR tu. Filamu yako itapita kwenye projekta ya ukumbi, kwenye flashi ya shangazi, kwenye WhatsApp, kwenye simu ya zamani ya babu. Kila programu inayobana video ina tabia yake: mojawapo inageuza HDR vizuri, nyingine inatupa lebo na kuacha namba. SDR haina lebo ya kupoteza.

Kuhusu kurekodi, kijana azime HDR10+ leo. Kwenye simu yake iko ndani ya mipangilio ya kamera, upande wa chaguo za video. Kwenye iPhone, kama simu yako iko kwa Kifaransa, ingia Réglages, kisha Appareil photo, kisha sehemu ya kurekodi video, uzime Vidéo HDR. Usiichanganye na ile HDR ya picha za mnato, ambayo inaunganisha picha kadhaa kuwa moja na haina uhusiano na shida hii. Ukitaka kuiacha iPhone kwenye HDR, ina faida yake: biti 10 zinakupa nafasi ya kurekebisha mawingu na gauni baadaye. Lakini basi kugeuza kunakuwa sehemu ya kazi kila mara, na kijana lazima arekodi kwa kanuni ile ile yako au arekodi SDR.

Sasa mteja wako. Kama mafaili ya awali bado yako kwenye simu au kwenye diski, achana na filamu iliyotoka. Geuza mafaili, fungua mradi ule ule, elekeza programu kwenye mafaili mapya badala ya yale ya awali, utoe upya. Mikato yote itabaki mahali pake.

Kama mliyafuta ili kupata nafasi, bado kuna njia, ila ni nyembamba. Namba za HDR zimo ndani ya filamu iliyopauka, kwa hiyo unaweza kuiambia FFmpeg kwa nguvu zisomwe kwa kanuni gani. Badilisha tu `zscale=t=linear:npl=100` kwenye ile amri ya kugeuza. Kwa sehemu za kijana:

```
zscale=tin=smpte2084:pin=bt2020:min=bt709:t=linear:p=bt2020:npl=100
```

Kwa sehemu zako weka `tin=arib-std-b67`. Ile `min=bt709` ni kwa sababu programu ya kuhariri ilizifunga namba za rangi upya kwa utaratibu wake wa SDR ilipotoa filamu. Ukiacha ya BT.2020, kijani na nyekundu zitapotoka kidogo. Shida ya kwanza ni kwamba filamu yako ina kanuni mbili ndani ya faili moja, na amri moja haiwezi kuzitibu zote. Itabidi uikate: andika dakika na sekunde za kila sehemu ya iPhone na kila sehemu ya kijana, uzigeuze mbali mbali, kisha uziunganishe. Palipo na mfifisho kutoka simu moja kwenda nyingine, namba za kanuni mbili zimechanganyika na hakuna hesabu ya kuzitenganisha. Kata hapo moja kwa moja.

Shida ya pili ni zile biti 8. Ngazi 256 zilizotandazwa hadi niti 10,000 ni chache, na ukizivuta kurudi SDR utaona mistari kwenye anga na kwenye kuta za ukumbi zilizopakwa rangi moja, hasa upande wa kijana. Kuongeza chembechembe kidogo za kelele kunaificha:

```
noise=alls=6:allf=t
```

Iweke mwishoni kabisa mwa mnyororo wa vichujio, baada ya `format=yuv420p`. Anza na 6, upande hadi 10 ikiwa mistari bado inaonekana ukiwa umekaa mbali na televisheni kama wageni wanavyokaa. Jaribu kwanza kwenye sekunde 20 za sehemu yenye anga, kwa kuweka `-t 20` kabla ya jina la faili linalotoka, uonyeshe kwenye televisheni ile ile ya ukumbi, ndipo uache laptopi ifanye filamu nzima.